"Eleza" Moja, Maswali Matatu: Kwa Nini Tunapoteza Maksi Tukiwa na Jibu Kichwani

Sisi vijana tunaosomea huku mpakani, Busia na Tororo, tuna ugonjwa mmoja ambao hatujaupa jina. Mtu anasoma noti mpaka usiku, anazijua. Anaingia kwenye mtihani, anaandika kurasa mbili zimejaa. Matokeo yakija, nusu ya maksi haipo. Halafu tunasema mtihani ulikuwa mgumu, au msahihishaji hakutupenda. Sisi tunaona tatizo mara nyingi liko kwenye neno la kwanza la swali, lile linalotuamuru tufanye nini. Na tunaona lugha yetu wenyewe, Kiswahili hiki tunachofikiria nacho, inatuchezea hapo bila sisi kujua.

Fikirieni hivi. Karatasi nyingi za huku ni za Kiingereza, iwe KCSE upande wa Kenya au UCE upande wa Uganda. Ndani yake kuna maneno matatu tunayokutana nayo kila mara: diskraibu, ekspleini, na evalueti. Sasa muulize mwenzako akutafsirie. Diskraibu? Atasema "eleza". Ekspleini? "Eleza". Evalueti? Atafikiri kidogo, halafu wengi watasema "eleza vizuri", au "eleza faida na hasara". Yaani maneno matatu ya mtahini yanaingia kwenye mlango mmoja, na mtu akishaingia humo anaandika kitu kilekile kwa maswali yote matatu: anamwaga kila anachojua kuhusu mada.

Hata mitihani ya Kiswahili yenyewe inatuzoesha hivyo. Kwenye karatasi ya fasihi ya KCSE kuna swali linalorudi kila mara: "Eleza muktadha wa dondoo hili", alama nne. Wote tunajua linavyojibiwa: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini maneno hayo yametoka. Angalieni vizuri. Mambo matatu ya kwanza ni kusema hali ilivyo. La nne ni kutoa sababu. Neno moja "eleza" limebeba kazi mbili, na kwa sababu mwalimu ametufundisha ile orodha ya mambo manne, hatujawahi kushtuka. Tunashtuka tukifika kwenye Jiografia na Historia, ambako kazi hizo mbili zimetenganishwa na kila moja ina maksi zake.

Wenzetu waliosoma Kongo wana shida na faida. Shida ni kwamba Mtihani wa Dola, ule tunaouita Eksetati, sehemu kubwa ni kuchagua jibu sahihi kati ya majibu yaliyokwisha andikwa. Huko neno la amri halikuumizi sana, maana jibu liko mbele yako. Faida ni kwamba Kifaransa kimewapa tayari maneno mawili tofauti, dekriir na eksplike. Ukimwambia mtu wa Bukavu "hapa ni dekriir, hapa ni eksplike", anaelewa haraka kuliko sisi tuliokulia kwenye "eleza" peke yake.

Basi tuchukue mfano mmoja wa hapa nyumbani tuupeleke mpaka mwisho, tuone kila neno linataka nini. Tumechagua saruji ya Tororo, kwa sababu kila mtu aliyepita hapo ameona kiwanda, na somo la viwanda liko kwenye Jiografia ya pande zote mbili.

Swali la kwanza: diskraibu jinsi saruji inavyotengenezwa, alama sita.

Hapa mtahini anataka picha. Hakuulizi kwa nini, hakuulizi kama ni nzuri au mbaya. Anataka aliyesoma jibu lako aweze kufumba macho na kuona kazi inavyokwenda, hatua kwa hatua, kwa mpangilio wake. Kwa hiyo unasema: mawe ya chokaa yanapasuliwa machimboni na kusagwa. Yanachanganywa na udongo wa mfinyanzi. Mchanganyiko unaingia kwenye tanuri refu linalozunguka. Unachomwa kwa joto la kama nyuzi 1,450 za selsiasi mpaka unakuwa vidonge vigumu vinavyoitwa klinka. Klinka inapozwa, inasagwa pamoja na jasi kidogo, inakuwa unga wa saruji. Unga unatiwa kwenye mifuko. Hizo ni hatua sita. Hujatoa sababu hata moja, na hakuna mtu atakayekunyima maksi kwa hilo.

Dalili ya kuharibu swali hili ni mbili. Ya kwanza, hatua zimevurugika: umetaja jasi kabla ya tanuri. Kwenye kudiskraibu kitu kinachotendeka, mpangilio ni sehemu ya jibu. Ya pili, umeanza kuhubiri: saruji ni muhimu kwa sababu inajenga shule na hospitali. Ni kweli, lakini hakuna aliyeuliza. Hiyo sentensi haikupunguzii maksi, inakula dakika zako. Kipimo chetu ni rahisi: msomee jibu mtu ambaye hajui mada, umwambie achore. Akiweza kuchora hatua zote kwa mfuatano, umediskraibu. Akikwama, kuna hatua umeruka.

Swali la pili: ekspleini sababu tatu zilizofanya kiwanda cha saruji kiwekwe Tororo, alama sita.

Hapa ndo tunapoanguka wengi. Jibu tunaloliona sana ni hili: "Tororo kuna mawe ya chokaa. Tororo kuna reli. Tororo kuna umeme karibu." Pointi tatu, zote za kweli. Sasa hesabuni. Sababu tatu kwa alama sita maana yake kila sababu ina alama mbili: moja ya kuitaja, moja ya kusema inafanyaje kazi. Aliyeandika hivyo ametaja tu. Anapata tatu kwa sita, nusu kamili, na atarudi nyumbani akisema "mbona nilizijua zote?" Ndiyo, alizijua. Lakini alijibu "taja", hakujibu "ekspleini".

Kuekspleini ni kujenga daraja kati ya jambo na matokeo yake. Kwani mawe ya chokaa kuwa karibu kunasaidia nini? Hapo lazima useme: jiwe la chokaa likichomwa linatoa hewa ya kaboni na kupungua uzito. Kilo 100 za chokaa safi zikichomwa zinabaki kama kilo 56. Kwa hiyo ukiweka kiwanda mbali na machimbo, unalipia usafiri wa kilo 44 ambazo zitapotea hewani. Ndiyo maana viwanda vya saruji hukaa karibu na mawe. Hilo ndilo daraja. Msahihishaji akiliona anatoa alama ya pili bila kusita.

Reli vilevile. Usiseme "kuna reli" ukakaa kimya. Sema: reli inayotoka Mombasa inaingia Uganda kupitia Malaba na kupita Tororo, na ilifika Kampala mwaka 1931, kwa hiyo wakati kiwanda kinajengwa miaka ya 1950 njia ilikuwepo tayari. Saruji ni mzigo mzito wa bei ndogo kwa kilo, hivyo ikisafirishwa kwa gharama kubwa haiuziki. Reli inabeba mzigo mkubwa kwa mara moja, gharama inashuka. Na umeme: bwawa la Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na kusaga mawe na klinka kunakula umeme mwingi, kwa hiyo kuwa karibu na chanzo hicho kulipunguza shida ya nguvu za kuendesha mashine.

Kipimo chetu cha swali hili: chukua kila sentensi ya jibu lako, mbele yake uliza "kwa hiyo?" Kama sentensi inayofuata inajibu, uko sawa. Kama inayofuata ni pointi nyingine mpya, umetaja tu. Maneno yanayoonyesha kwamba daraja limejengwa ni kama "kwa sababu", "hivyo", "jambo hilo hufanya", "matokeo yake". Lakini jamani, tusidanganyane. Kuna mtu amesikia ushauri huu akaandika: "Tororo kuna reli kwa sababu reli ni muhimu." Hapo "kwa sababu" ipo, daraja halipo. Anazunguka palepale.

Swali la tatu: evalueti kama Tororo bado ni mahali pazuri pa kutengeneza saruji.

Jibu la kawaida tunaloandika ni safu mbili. Upande mmoja mazuri matano, upande mwingine mabaya matano, halafu tunamaliza kwa sentensi moja: "Kwa hiyo Tororo ina faida na hasara zake." Hiyo si kuevalueti. Hiyo ni kuorodhesha mara mbili. Mtahini amekufanya hakimu, wewe umesikiliza mashahidi wa pande zote halafu umeondoka bila kutoa hukumu.

Kuevalueti kunataka mambo matatu. Kwanza, kipimo: unapima kwa kigezo gani? Gharama? Afya ya majirani? Ajira? Ukisema "pazuri" bila kusema pazuri kwa nini, msomaji hajui unapima nini. Pili, ushahidi wa pande zote, na kila upande upewe uzito wake. Si kila pointi ina kilo moja. Tatu, hukumu inayotoka kwenye ule ushahidi, hata kama ina masharti.

Tujaribu. Kipimo chetu kiwe gharama ya kutengeneza. Ile sababu ya kwanza kabisa, jiwe kuwa karibu, imedhoofika, maana siku hizi sehemu ya mawe inatoka Moroto, kule Karamoja, zaidi ya kilomita 200. Na tumeshasema jiwe linapoteza karibu nusu ya uzito wake motoni. Yaani malori yanabeba mzigo ambao sehemu kubwa itageuka hewa. Hiyo ni hoja nzito dhidi ya Tororo. Upande wa pili, Tororo bado iko kwenye barabara kuu ya kutoka Malaba kwenda Kampala, bado ina reli, iko karibu na wanunuzi wa Uganda na Kenya magharibi, na matanuri yenyewe yamekwisha jengwa. Kuyahamisha ni gharama kubwa. Hukumu: kwa kusaga na kuuza, Tororo bado panafaa sana, kwa kuchoma, ubora wake unapungua kadiri jiwe linavyotoka mbali, na kama siku moja mawe yote yatatoka Karamoja, ingekuwa nafuu kuchoma klinka hukohuko na kuleta Tororo ikiwa nyepesi.

Mtu anaweza kutupinga hukumu hiyo. Sawa kabisa. Anaweza kuchukua afya au ajira kama kipimo chake akafika kwingine. Msahihishaji wa swali la kuevalueti hatafuti hukumu ileile aliyonayo yeye. Anatafuta kama hukumu yako imesimama juu ya ushahidi ulioutaja. Kipimo chetu hapa: futa sentensi yako ya mwisho, umpe mwenzako asome yaliyobaki. Kama anaweza kukisia ulihukumu nini, basi hukumu ilitoka kwenye hoja. Kama hawezi, uliibandika tu.

Angalieni sasa: kiwanda ni kilekile, mawe ni yaleyale, na noti ulizosoma ni zilezile. Lakini majibu matatu hayafanani hata kidogo. Aliyekariri insha moja ya "saruji ya Tororo" na kuimwaga popote atapata maksi kidogo kila mahali na hatajaza popote.

Kuna mipaka, tuseme ukweli. Neno la amri halifanyi kazi peke yake, lazima lisomwe pamoja na alama. Kwenye Historia ya KCSE, swali la insha lina alama 15, na mara nyingi sehemu ya kwanza ina 3 au 5, ya pili ina 12 au 10. Ile ya kwanza kwa kawaida ni kutaja, alama moja kwa pointi. Ukitumia nusu ukurasa kuekspleini kwenye swali la alama tatu linalosema "taja", umejinyima muda wa lile la kumi na mbili. Na ukiambiwa sababu sita kwa alama 12, hesabu imekwambia yenyewe kila sababu inataka sentensi mbili zenye kazi tofauti. Pia masomo hayafanani. Kuekspleini kwenye Biolojia ni kuonyesha kitu kimoja kinasababisha kingine ndani ya mwili, hatua baada ya hatua. Kwenye Historia inatosha pointi na upanuzi wake. Kwa hiyo msichukue kipimo cha somo moja mkakipeleka kwingine bila kuangalia mwongozo wa kusahihisha.

Upande wa Uganda kuna jambo jipya zaidi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na kundi la kwanza lilifanya UCE yake mwaka 2024. Humo swali mara nyingi linaanza na kisa: jamii fulani ina shida fulani, halafu unapewa kazi, labda kuwasaidia au kuwashauri. Wengine wanafurahi wanasema, "maneno ya amri yameondoka!" Hayajaondoka, yamejificha. Ukiambiwa wanakijiji wamegawanyika kuhusu kiwanda na uwashauri, hiyo ni evalueti imevaa nguo nyingine. Usipowapa hukumu, hujawashauri. Ukiambiwa mkulima haelewi kwa nini mahindi yake yamekuwa ya njano na umsaidie aelewe, hiyo ni ekspleini. Ukimwandikia tu mahindi ya njano yanaonekanaje, atakwambia, "Hilo nimeliona shambani mwenyewe." Kwa hiyo kwenye mtihani wa namna hii kazi yako ya kwanza ni kuandika pembeni kwa penseli: hapa wanataka picha, sababu, au hukumu?

Tunajua kuna walimu na wafanyakazi wa mashirika wanaosema haya ni mbinu za mtihani tu, si elimu. Sisi hatukubaliani. Mtu asiyeweza kutenganisha hali, sababu na hukumu atapata shida popote anapoulizwa maswali, hata kwenye usaili wa hadhi ya ukimbizi. Pale ukiulizwa ni nini kilitokea, ukajibu kwa nini unamchukia fulani, umejibu swali lingine, na hakuna wa kukurudishia nafasi kwa urahisi. Lakini hata tukibaki kwenye mtihani peke yake, mwanafunzi mkimbizi mara nyingi amepoteza miaka njiani na hana wa kumlipia arudie. Kumnyima maarifa haya kwa sababu ni "mbinu" ni ukatili.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili, na yote hayana gharama kubwa.

La kwanza ni letu wenyewe. Kwenye vikundi vyetu vya kusoma jioni tuache kutafsiri kila kitu kuwa "eleza". Tukubaliane maneno matatu tuyatumie wote. Diskraibu tuiite "onyesha ilivyo". Ekspleini tuiite "toa sababu". Evalueti tuiite "pima uamue". Kamusi zina neno "tathmini" kwa hilo la tatu na ni neno zuri, lakini wengi wetu tunalisikia kwenye mikutano ya miradi na hatulioni kama amri ya kufanya kitu. "Pima uamue" ina vitenzi viwili, na cha pili ndicho tunachosahau.

La pili ni kwa wanaotusaidia. Mnachapisha noti nyingi na mitihani ya zamani, tunashukuru. Lakini karatasi ya zamani bila mwongozo wa kusahihisha inamfundisha mtoto maswali, haimfundishi majibu yanapimwaje. Chapisheni noti chache, mbandike mwongozo nyuma ya kila karatasi. Na wanaojitolea kufundisha, mkisahihisha, msiandike "3/6" mkaacha hapo. Andikeni pembeni ya kila pointi: "umetaja, hukutoa sababu." Mwanafunzi akiona maneno hayo mara tatu kwenye ukurasa mmoja, atajua penye shida.

Kwa kuanza, fanyeni zoezi moja wiki hii. Chagueni kitu kimoja mnachokijua wote: soko la Busia, lori linavyopita forodhani Malaba, au bodaboda wanaovusha watu mpakani. Andikeni maswali matatu juu yake, moja la kuonyesha ilivyo, moja la kutoa sababu, moja la kupima na kuamua. Jibuni, mbadilishane karatasi, msahihishane. Mkikuta majibu mawili yanafanana, mmoja wenu amejibu swali ambalo hakuulizwa.